Baba yuko kwenye mionzi ya koo, mdomo umejaa vidonda, kumeza kumemshinda. Nimlishe nini, asukutue na nini?

#1 Binti_wa_Same
Jumatatu, saa 3:10 usiku

Wakubwa shikamooni, wenzangu habari zenu. Naomba msaada kwa mliowahi kuugua au kuuguza.

Baba ana miaka 58, ana saratani nyuma ya pua, kule inakoungana na koo. Tumetoka Same, sasa tuko Dar kwa shangazi na anatibiwa Ocean Road. Amepangiwa mionzi 35, Jumatatu hadi Ijumaa, na siku moja kila wiki anatundikiwa dripu ya kemo, sisplatini. Leo amepiga ya 18.

Wiki mbili za mwanzo alikula ugali na samaki kama kawaida. Wiki ya tatu akaanza kusema chai inamchoma. Sasa mashavu kwa ndani ni mekundu, yamechubuka, pembeni mwa ulimi na juu kwenye kaakaa kuna utando mweupe. Mate yamekuwa mazito, anayatema kwenye kopo usiku kucha. Chini kushoto ana jino bovu linalomkwaruza ulimi. Alianza na kilo 64, leo mzani umesoma 59.5. Jana alikunywa vijiko vichache vya supu akasukuma bakuli.

Jirani alituletea dawa ya kusukutua ya dukani, ile ya kijani. Baba aliiweka mdomoni machozi yakamtoka.

Maswali yangu ni matatu. Asukutue na nini? Ale nini? Na la tatu linanisumbua kuliko yote: anasema anataka kupumzika mionzi wiki nzima ili mdomo upone, kisha arudi. Nimkubalie?

#2 Kaka_Mkubwa
Jumatatu, saa 3:31 usiku

Pole dada. Vidonda vya mdomoni mara nyingi ni upungufu wa vitamini B. Mnunulie B-kompleksi na ale mboga za majani kwa wingi na machungwa. Mimi vilinisumbua sana nikiwa chuo, viliisha ndani ya wiki.

#3 Binti_wa_Same
Jumatatu, saa 3:36 usiku

Asante kaka, ila hivi si vile vya kawaida. Vimeletwa na mionzi. Machungwa hata harufu yake hataki, yanamchoma.

#4 Mti_Shamba
Jumatatu, saa 4:02 usiku

Dada pole sana. Maji ya chumvi ya uvuguvugu ndiyo dawa, asukutue mara nyingi kwa siku. Ongeza na magadi kidogo, magadi yanakata asidi na yale mate mazito. Huo utando mweupe ni fangasi tu, nunua ile dawa ya zambarau, jivii, umpake asubuhi na jioni. Na kweli mwili ukichoka hupumzishwa, wiki moja si kitu, mionzi haikimbii.

#5 Sista_wa_Wodi
Jumatatu, saa 4:40 usiku

Binti wa Same, pole na hongera kwa kumsimamia mzee. Nimefanya kazi wodi ya saratani kwa miaka mingi, na wagonjwa wa mionzi ya kichwa na shingo ndio niliokaa nao zaidi. Nitaanza na swali lako la tatu kwa sababu ndilo la haraka.

Usimkubalie. Hao 35 wamepangwa wafuatane kwa sababu seli za saratani zinazobaki hai hujijenga upya wakati wa mapumziko, na katika saratani za eneo hili zikishafika wiki ya nne hivi zinajijenga kwa kasi. Hesabu inayotumika sana ni kwamba kila siku matibabu yanayorefushwa, nafasi ya kuumaliza uvimbe inapungua kwa karibu asilimia 1. Wiki ya kupumzika ni siku saba. Halafu mdomo wenyewe hautapona kwa wiki hiyo moja, kwa hiyo atakuwa amepoteza huku na huku. Madaktari wakiona hali ni mbaya kabisa wanaweza kusimamisha wenyewe, lakini huo ni uamuzi wao, na huwa wanatafuta njia ya kufidia siku zilizopotea.

Lazima pia mjue kinachokuja. Vidonda hivi havijafika kileleni. Ngozi ya ndani ya mdomo hujibadilisha kila baada ya wiki moja au mbili, mionzi inazuia seli mpya kuzaliwa, ya zamani inaisha na ya kuiziba haipo. Ndiyo maana wiki mbili za kwanza mlidhani mmepona. Kawaida yake vinazidi hadi mwisho wa matibabu, na wiki moja au mbili baada ya mionzi ya mwisho bado ni mbaya, kisha vinaanza kufunga. Kwa hiyo mpango wenu usiwe wa kuponya vidonda wiki hii. Uwe wa kumfikisha mionzi ya 35 akiwa anameza na ana kilo zake.

Mti Shamba, kwenye maji ya chumvi umesema sawa. Magadi hapana, nakusihi. Magadi ya kulainishia maharage ni makali mno kwa mdomo uliochubuka, na hayana kipimo, kila bonge na ukali wake. Kinachotakiwa ni bekingi soda, ile ya unga mweupe laini. Na iwe bekingi soda, si bekingi pauda, maana hiyo pauda ina asidi na wanga ndani yake. Soma pakiti dukani.

Chemsha maji lita moja, yaache yapoe kabisa. Tia chumvi kijiko kimoja cha chai kilichosawazishwa juu, na bekingi soda kijiko kimoja hivyo hivyo. Ikimchoma, punguza chumvi iwe nusu kijiko, soda ibaki. Weka kwenye chupa safi yenye kifuniko, na kila asubuhi tengeneza mpya. Achukue funda moja, alizungushe taratibu nusu dakika, ateme, arudie mara mbili tatu. Kila baada ya saa mbili akiwa macho, kabla ya kula ili mdomo ulowe, baada ya kula ili chakula kisibaki kwenye vidonda, na akiamka usiku kutema mate basi asukutue kabla ya kulala tena. Maji haya hayaponyi kidonda. Yanalainisha ule ute na kuuondoa, yanapunguza asidi, na mdomo safi hauumi kama mdomo mchafu.

Ile ya kijani itupeni. Nyingi zina spiriti, na zinakausha mdomo ambao tayari umekauka.

Kesho nitaandika kuhusu maumivu na ule utando. Kwa sasa niambie: anameza dawa gani za maumivu?

#6 Mama_Khalfan
Jumanne, saa 1:15 asubuhi

Asalaam aleikum. Mimi niko Maskati, kaka yangu yuko kwenye kemo ya utumbo mpana. Naye anapata vidonda mdomoni, lakini vyake vinakuja kama siku ya sita baada ya dripu, vinamtesa, halafu kabla ya dripu inayofuata vimekwisha. Rafiki ameniambia amumunye barafu wakati anapewa dawa. Binti, jaribu na baba yako.

#7 Sista_wa_Wodi
Jumanne, saa 6:20 mchana

Waaleikum salaam Mama Khalfan. Vya kaka yako na vya mzee huyu vina mwendo tofauti. Vya kemo peke yake huja kama hivyo ulivyosema na kufunga kabla ya mzunguko mwingine. Vya mionzi vinajengeka kila siku mahali palepale mionzi inapopita.

Barafu ina kazi pale dawa ya kemo ya 5-FU inaposukumwa kwa sindano ya muda mfupi. Mgonjwa anaanza kumumunya dakika tano kabla na kuendelea kama nusu saa. Mishipa ya mdomoni inasinyaa na dawa inayofika pale inakuwa ndogo. Ikiwa 5-FU inaingia polepole kwa pampu kwa siku mbili, hawezi kumumunya barafu siku mbili. Na kuna jambo la kuuliza kabla hujampa: je, kwenye dripu zake kuna oksaliplatini? Dawa hiyo inafanya baridi iume, koo linaweza kubana hadi mtu akadhani anakosa hewa. Kama ipo, barafu asiguse mpaka aulize daktari wake.

Kwa vidonda vya mionzi barafu haizuii kitu, ingawa kitu cha baridi kinaweza kumtuliza mzee kwa muda.

#8 Mama_Khalfan
Jumanne, saa 7:05 mchana

Nimetazama karatasi yake. Ipo hiyo oksaliplatini. Kumbe ndiyo maana akishika chupa ya maji ya friji analalamika vidole. Nitauliza, shukrani sana.

#9 Binti_wa_Same
Jumanne, saa 2:30 usiku

Sista, Mungu akubariki. Leo amesukutua mchana kutwa, anasema haimchomi. Kwa maumivu anameza panado, na shangazi alinunua diklofenaki duka la dawa, amekunywa siku mbili. Hospitali walimpa chupa ya mofini ya maji wiki iliyopita lakini hajaigusa. Anasema mofini ni ya watu wanaokufa.

#10 Sista_wa_Wodi
Jumanne, saa 3:18 usiku

Diklofenaki aache leo hii, na kesho mwambie daktari kwamba ameinywa. Sisplatini inaelemea figo, na diklofenaki, ibuprofeni na jamaa zake wanaelemea figo hizohizo. Ukichanganya na mtu asiyekunywa maji ya kutosha, hapo ndipo figo zinapoharibika. Mtazame mkojo: ukiwa wa rangi ya chai, au akisimama anapata kizunguzungu, maji hayamtoshi na lazima wajue kabla ya dripu inayofuata.

Mofini ndiyo dawa ya maumivu haya. Wengi wanaitumia vibaya kwa namna moja: wanasubiri mgonjwa ashindwe kula ndipo wanampa. Dawa ya maji inachukua kama nusu saa kufika. Basi igeuzeni, ifuateni saa, chakula kiifuate dawa. Kama kwenye chupa wameandika kila baada ya saa nne, mpe saa 12:30 asubuhi, asukutue, saa 1:00 awe na uji mbele yake. Saa 4:30 tena, saa 5:00 chakula. Vivyo hivyo hadi usiku. Kipimo fuata kilichoandikwa, usiongeze mwenyewe. Kama hakitoshi rudi kwao wakirekebishe, mara nyingi cha kwanza huwa kidogo.

Mofini inafunga choo kwa karibu kila mtu. Waulize dawa ya kulainisha choo iende nayo tangu siku ya kwanza. Akilala sana kiasi kwamba kumwamsha ni shida, au akipumua polepole kuliko kawaida, usimpe dozi inayofuata, mpeleke hospitali.

Panado anaweza kuendelea nayo, lakini pima joto kabla hajaimeza, maana inaficha homa. Akifika nyuzi 38, hata kama ni usiku wa manane, mnakwenda. Anapata kemo, kinga yake iko chini, na mdomo wake uko wazi kwa vidudu.

#11 Mzee_wa_Pangani
Jumanne, saa 4:00 usiku

Mwanangu, msomee baba maneno yangu haya kwa sauti.

Ndugu yangu, mimi nilichomwa mionzi ya zoloto, koo ya sauti. Ni miaka sasa. Nilikataa mofini kama wewe, kwa sababu ileile. Daktari akaniuliza, unaogopa dawa au unaogopa kumeza? Nikasema naogopa kumeza. Akaniambia basi kunywa dawa umeze. Nilikunywa hadi wiki kadhaa baada ya mionzi kwisha, vidonda vilipofunga wakanipunguzia kidogokidogo, nikaacha. Sijaitamani tena hadi leo. Nauza nazi zangu hapa, naongea, ingawa sauti ni ya kukwaruza.

Wakati ule walinipa pia jeli ya ganzi. Nikiipaka kabla ya chakula nilikula bila taabu. Mwambie binti akuulizie.

#12 Sista_wa_Wodi
Jumanne, saa 4:22 usiku

Mzee wa Pangani, shikamoo, na asante kwa hayo. Kwenye jeli ya ganzi nitaongeza tahadhari. Ikipakwa kidogo kwa pamba juu ya kidonda kimoja cha shavu au mdomo, sawa. Ikisukutuliwa hadi koo likafa ganzi, mtu anaweza kujing'ata bila kujua, na chakula kinaweza kupotea njia kikaingia kwenye mapafu. Mimi nisingempa ganzi ya koo akiwa anakula.

#13 Mzee_wa_Pangani
Jumanne, saa 4:41 usiku

Marahaba mwanangu. Mimi ilinifaa. Lakini nilikuwa na vidonda vya huku mbele pia, labda ndiyo sababu.

#14 Meno_Imara
Jumatano, saa 12:50 jioni

Mimi ni daktari wa meno Mombasa. Nimesoma habari ya jino bovu na nimeogopa kidogo, kwa sababu najua mtu atasema ling'olewe. Lisiguswe kwa koleo sasa. Mfupa wa taya uliopata mionzi hupungukiwa damu, tundu la jino linaweza kukataa kufunga na mfupa ukafa pale. Meno ya kung'oa huondolewa kabla ya mionzi, na hupewa kama wiki mbili yafunge. Muda huo umepita. Kinachowezekana ni daktari wa meno kulisaga lile ncha linalokwaruza, au kulifunika kwa nta ya meno. Mwambie timu yake ya mionzi, wao wampeleke, asiende kliniki ya mtaani.

Apige mswaki bado, mara mbili kwa siku. Nunua mswaki laini wa mtoto, uloweke kwenye maji ya moto dakika chache kabla ya kuutumia, nywele zinalainika zaidi. Dawa ya meno iwe ya watoto yenye floraidi, zile za minti kali zinachoma. Siku ambayo mswaki hauingii kabisa, viringisha kitambaa safi cha gozi kwenye kidole, kiloweshe kwa yale maji ya chumvi na soda, futa meno na fizi taratibu. Mswaki wa mti auache kwa sasa.

#15 Mti_Shamba
Jumatano, saa 1:30 usiku

Nimeelewa kuhusu magadi, asanteni. Lakini asali? Bibi yangu alikuwa anapaka asali kwenye kidonda chochote. Na mbona hamjajibu kuhusu fangasi?

#16 Sista_wa_Wodi
Jumatano, saa 2:45 usiku

Fangasi kwanza. Utando mweupe mdomoni kwa mgonjwa wa mionzi unaweza kuwa mambo mawili, na kila mtu anadhani ni moja. Kidonda cha mionzi chenyewe hujifunika ngozi nyeupe ya manjano, bapa, imeshika. Hiyo ni sehemu ya kidonda, ukiikwangua kinatoka damu na unarudisha mambo nyuma. Inakaa pale mionzi inapopita. Fangasi inafanana zaidi na chembe za mtindi, imetawanyika, unaweza kuikuta hata sehemu zisizopata mionzi, kwa mfano ndani ya mdomo wa chini kwa mbele. Sehemu yake ikifutwa taratibu kwa gozi inatoka na chini ni pekundu. Mara nyingi mgonjwa anasema ghafla maumivu yamekuwa ya kuwaka kuliko jana, au ladha yote imekuwa ya chuma. Anaweza kuwa na vyote viwili pamoja, na hilo ndilo linaloniangusha hata mimi mwenye tochi mkononi.

Kwa hiyo asipakwe jivii kwa kubahatisha. Inakausha na kuchubua kidonda kibichi, halafu inapaka rangi mdomo mzima na daktari hataona kitu tena. Waonyeshe. Wakiona ni fangasi watampa nistatini ya maji au vidonge vya flukonazoli. Nistatini haifanyi kazi ikimezwa upesi kama sharubati. Asukutue kwanza kwa maji ya chumvi na soda, kisha aizungushe mdomoni dakika moja au mbili ndipo ameze, halafu akae nusu saa bila kula wala kunywa.

Asali: katika mionzi ya kichwa na shingo, imo kwenye miongozo ya kimataifa kama kitu kinachoweza kusaidia, kijiko kinazungushwa mdomoni na kumezwa kabla na baada ya mionzi. Lakini huko wanaongelea kuzuia, tangu mwanzo wa matibabu. Huyu mzee yuko katikati.

#17 Meno_Imara
Jumatano, saa 3:05 usiku

Kwa asali mimi na Sista hatutakubaliana. Mate yake yamekauka, na mate ndiyo yanayolinda meno. Ukimpa sukari ya kunata mara tatu kwa siku katika mdomo mkavu, miezi sita baadaye nitakutana na meno yaliyooza kwenye shina, na wakati huo kung'oa ni hatari. Kama ni lazima, asukutue mara moja baada yake. Mwenye kisukari asijaribu bila daktari.

#18 Sista_wa_Wodi
Jumatano, saa 3:14 usiku

Hoja ya meno naikubali. Bado nimeona walioitumia wakasema inawatuliza. Tuliache hapo, binti amuulize daktari wake.

#19 Binti_wa_Same
Ijumaa, saa 2:00 usiku

Nimerudi na habari. Jana walimwangalia kwa tochi. Ni vyote viwili, vidonda pamoja na fangasi kwenye kaakaa. Wamempa nistatini. Wamepima figo, wameniambia diklofenaki isikanyage tena. Nilimsomea baba maneno ya Mzee wa Pangani, alinyamaza muda mrefu halafu akasema mletee hiyo chupa. Leo asubuhi amekunywa uji nusu kikombe bila kushika shavu. Mionzi hajaruka hata mmoja, leo ni ya 22.

Lakini kilo ni 59.1. Wamesema ikishuka zaidi watafikiria kumwekea mpira wa puani wa kumlishia. Pia yule wa mashine alisema kinyago kimeanza kulegea. Sijaelewa kinyago kinahusiana vipi na kula.

#20 Sista_wa_Wodi
Ijumaa, saa 3:20 usiku

Kinahusiana sana. Kile kinyago cha plastiki kilitengenezwa kwa uso wake wa kilo 64 ili kichwa kisisogee na mionzi ipige pale ilipopimwa. Uso na shingo vikikonda kinacheza, mionzi inaweza kukosa kwa milimita kadhaa, na huenda wakalazimika kutengeneza kingine na kupima upya. Amepoteza karibu asilimia 8 ya uzito kwa mwezi mmoja. Hiyo ni nyingi, na ndiyo sababu wanataja mpira.

Sasa uji. Shida ya uji wa wagonjwa ni kwamba ili upite kooni watu wanauongeza maji, mgonjwa anajaza tumbo na nguvu hakuna. Tumia kimea. Nunua kimea cha ulezi, cha mtama usitumie kwa sababu machipukizi yake yana sumu. Kisage kiwe unga laini. Pika uji mzito wa ulezi au mchele kwa maziwa, mzito kiasi cha kijiko kusimama. Uepue, uache hadi uwe wa moto unaovumilika kwa kidole, koroga kijiko kimoja cha chai cha unga wa kimea kwa kila vikombe viwili. Ndani ya dakika chache utauona unalegea wenyewe hadi kunyweka, bila kuongeza tone la maji. Urudishe jikoni uchemke kidogo, kisha uupoze. Tia siagi ya karanga laini isiyo na chembe vijiko viwili vikubwa, na mafuta ya kula au samli kijiko kimoja kikubwa, hicho peke yake kina kalori kama 120. Uchuje kwa chujio, punje moja ya ganda ikikwama kwenye kidonda atakataa kikombe kizima.

Mpe ukiwa wa joto la chumbani au baridi. Kikombe kidogo kila baada ya saa mbili kitaingia kuliko bakuli mara tatu. Nyingine zinazopita ni mtori uliosagwa kwenye blenda na maziwa, parachichi iliyosagwa na maziwa, viazi vilivyopondwa na samli nyingi na mchuzi mwororo, yai lililochemshwa likaiva kisha likasagwa ndani ya supu. Maziwa yawe yamechemshwa, si ya kukamuliwa moja kwa moja. Mtindi mjaribishe kijiko kimoja, wengine unawatuliza na wengine unawachoma. Ndimu, nyanya, pilipili na chapati kavu viwekeni kando.

Mpira wa puani msiuchukulie kama adhabu. Akiuhitaji, dawa na chakula vitapita pale huku koo likipumzika. Ila hata akiwa nao ajitahidi kumeza mate na maji kidogo kila siku, misuli ya koo ikiacha kabisa kazi inakuwa mivivu kurudi.

#21 Mzee_wa_Pangani
Ijumaa, saa 4:10 usiku

Mimi niliwekewa. Sikuupenda, nilijiona kama si mtu. Lakini nilimaliza mionzi yote. Mwenzangu wa kitanda cha pili aliukataa, akaendelea kwa uji, naye akamaliza. Siwezi kukwambia yupi kati yetu alichagua vema.

#22 Binti_wa_Same
Jumatatu, saa 2:25 usiku

Uji wa kimea umekubali! Shangazi hakuamini ulivyolegea. Jana amekunywa vikombe vitano vidogo na parachichi. Leo mzani 59.3, na wamesema mpira usubiri hadi kipimo cha Alhamisi. Jino wamelisaga ncha.

Kinachomsumbua sasa ni usiku. Mate mazito yanajaa kooni, anakohoa hadi anatapika uji wa jioni. Mliopita huku mlifanyaje?

#23 Mzee_wa_Pangani
Jumatatu, saa 3:02 usiku

Nililala nusu kukaa, mito mitatu mgongoni. Chupa ya maji ya chumvi na soda kitandani, kila nikiamka nasukutua hadi kooni kwa sauti, natema, ndipo nalala. Na chakula cha mwisho nilikirudisha nyuma, saa 12 jioni, baadaye maji tu.

#24 Sista_wa_Wodi
Jumatatu, saa 3:30 usiku

Fanya hayo ya Mzee. Weka na sufuria pana ya maji chumbani, au tundika taulo lililolowa maji, hewa isiwe kavu. Akitapika, asukutue mara moja, asidi ya tumbo inachoma vidonda upya. Akitapika zaidi ya mara mbili kwa siku usisubiri Alhamisi, huenda ni kemo na si mate, na dawa ya kuzuia kutapika ipo. Dozi ya mofini akiitapika mara tu baada ya kuimeza, wapigie wodini uulize kabla ya kurudia.